Nasikia kila neno la jirani wakati ukuta ni wa tofali. Sauti inapita wapi?

Mpangaji_Sinza

Wakuu salaam.

Nimepanga apatimenti hapa Sinza, ghorofa ya tatu ambayo ndiyo ya mwisho, juu yetu ni bati. Chumba changu cha kulala kimepakana na chumba cha kulala cha jirani, ukuta ni huo huo mmoja. Shida yangu si makelele. Jirani ni mstaarabu, hapigi muziki, hana ugomvi na mtu. Shida ni mazungumzo. Akiongea na simu najua anaongea na nani, anadaiwa shilingi ngapi na ameahidi kulipa lini. Naye ananisikia vilevile, maana juzi kanipa pole ya kikohozi kwenye ngazi na mimi sijamwambia mtu kama naumwa.

Ukuta si wa mbao. Ni tofali za inchi 6, plasta pande zote mbili. Kuna fundi kaja kuangalia, anasema tupige jipsam ukuta mzima upande wangu halafu katikati ajaze magodoro. Bei aliyotaja inakaribia kodi ya miezi miwili. Kabla sijatoa hela nauliza wenye ujuzi: tofali la inchi 6 linapitishaje sauti namna hii?

---

Kinyozi wa Tabata

Mkuu usitupe hela. Nenda kwa wauza chipsi, omba trei za mayai, zile za karatasi. Bandika ukuta mzima na gundi. Mshikaji wangu ana studio ya kurekodi mtaani kwetu, kaweka hizo hizo na ukiingia mle unasikia kabisa sauti imekufa.

---

Pilipili Kichaa

Haya mambo ya kelele serikali imeyalalia sana. Kwetu huku baa inapiga muziki hadi saa tisa usiku na ukienda kulalamika unaonekana mchawi. Nenda NEMC mkuu, peleka na barua serikali ya mtaa. Usimwogope mtu.

---

Mpangaji_Sinza

Mkuu Pilipili, nimshtaki mtu kwa kuongea na simu chumbani kwake? Soma uzi tena.

---

Mzee wa Timazi

Mpangaji, usimpe huyo fundi hela bado. Nijibu kwanza maswali machache.

Unaposikia mazungumzo, unasikia maneno yenyewe, yaani "s" na "t" na "ch" zinafika, au unasikia mvumo tu kama mtu anaongea kajifunika blanketi? Pili, ukisimama katikati ya chumba, sauti unaiona inatoka ukutani, juu, au dirishani? Tatu, dirisha lako na lake yanatazama upande mmoja? Mwisho, chumbani kwako kuna dari gani, na je, taa ni zile za kuzamishwa ndani ya dari?

Nauliza hivyo kwa sababu ukuta mzito unapopitisha sauti, unapitisha ya chini, ule mvumo. Sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazotufanya tuelewe neno, ukuta wa tofali unazikata vizuri sana. Kwa hiyo mtu akiniambia anaelewa kila neno kupitia ukuta wa tofali wenye plasta, mimi huwa siangalii tofali tena. Natafuta tundu.

---

Mpangaji_Sinza

Mzee shikamoo, na asante.

Maneno yanafika safi. Naelewa kila kitu. Inakotoka sauti, nilikuwa nadhani ukutani, ila baada ya kusoma hapa nimelala chali nikafumba macho. Inakuja kama kutoka juu, kwenye kona ya ukuta na dari. Madirisha yote mawili yanatazama barabarani, ya aluminiamu, ya kusukuma pembeni. Nikifunga langu, sauti haipungui. Dari ni jipsam, ina taa sita za kuzamishwa.

---

Mzee wa Timazi

Marahaba. Basi nina wasiwasi mkubwa na jambo moja. Kwenye korido yenu kuna tundu la kupandia darini? Omba ngazi, panda usiku, mwambie jirani awashe taa za chumbani kwake na wewe zima zako. Kisha angalia upande wa ukuta wenu.

Majengo mengi ya ghorofa ambayo juu yake ni bati, ukuta wa kugawa nyumba na nyumba unaishia kwenye lenta. Fundi anafunga lenta, anaweka kenchi juu yake, anapiga bati, anapiga dari, kazi imekwisha. Kule juu hakuna ukuta. Nyumba nne zinatumia dari moja kama ukumbi. Ukiwa chini huwezi kujua, maana dari imefika ukutani vizuri na kona imepakwa rangi.

---

Fundi Aluminiamu

Mzee yuko sahihi kuhusu matundu. Mimi nafunga madirisha na milango, na kila siku nawaambia wateja sauti inapita panapopita hewa. Dawa yake nyepesi tu: nunua foam ya kupuliza, ile ya chupa, zungushia kila mwanya unaouona, kwenye kona, kwenye soketi, kwenye fremu, panda na darini pulizia. Ikikauka kata, paka rangi. Siku moja umemaliza, wala huhitaji kujenga chochote.

---

Mzee wa Timazi

Fundi, nusu ya kwanza nakubaliana nawe kabisa. Panapopita hewa panapita na sauti, na watu hawajui ni kwa kiasi gani. Chukua ukuta wa Mpangaji. Kama ni wa mita tatu na nusu kwa karibu mita tatu kwenda juu, una eneo la kama mita 10 za mraba. Ukuta wa namna hiyo, tofali zimejaa na plasta ipo, tuseme unakata desibeli 45. Sasa toboa tundu moja la sentimita 10 kwa 10, kama la kupitishia paipu ya kiyoyozi, uliache wazi. Tundu hilo ni sehemu moja tu ya elfu moja ya ukuta, lakini ukuta wote sasa unakata kama 30. Sikio letu likiongezewa desibeli 10 linaona sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo hizo 15 zilizopotea ni karibu mara tatu. Ndiyo maana naona ni kazi bure kuongeza unene wa ukuta kabla hujaziba tundu.

Nusu ya pili ndiyo inanipa shida. Foam inaziba hewa, ila haina uzito, na ukuta hukata sauti kwa uzito wake. Kwenye ufa mwembamba wa fremu ya dirisha inatosha. Kwenye tundu la ngumi ni afadhali kuliko wazi, lakini paka juu yake saruji na mchanga, pande zote mbili. Darini ambako ukuta mzima haupo, chupa za foam utanunua duka zima na bado sauti itapita.

Na tafadhali, mtu asipulizie foam ndani ya boksi la soketi lenye umeme.

Kinyozi, studio ya rafiki yako "imekufa" sauti kwa sababu trei zinapunguza mwangwi ndani ya chumba. Mtu aliye nje ya studio bado anamsikia anayerekodi. Muulize jirani yake.

---

Kinyozi wa Tabata

Sawa mzee, ila jirani yake ni gereji ya kunyoosha bodi za magari, hata bomu halisikii hahaha

---

Keja Umoja

Niaje wadau, niko Nairobi, Umoja. Nimesoma hii uzi yote na yangu ni tofauti kidogo. Juu yangu kuna slab ya zege, si bati. Mazungumzo ya mwenye anaishi juu sisikii hata kidogo. Lakini viti! Wakivuta kiti nasikia ni kama wanakivutia kichwani mwangu. Wikendi mama anatwanga kitu, sijui ni njugu ama ni nini, na glasi zangu zinacheza kwa kabati. Nimeangalia kama kuna tundu, hakuna. Keateka anasema slab iko sawa. Sasa mimi niweke jipsam chini ya slab ama?

---

Mzee wa Timazi

Keja, hiyo ni sauti ya aina nyingine. Jirani wa Mpangaji anatikisa hewa, hewa inatafuta tundu. Wa juu yako anagonga zege lenyewe. Zege ni zito, kwa hiyo mazungumzo hayapiti, lakini ukiligonga moja kwa moja linapokea kila kitu na kukisafirisha, tena si kwenye dari yako tu, linashuka na kuta. Tailizi zilizolazwa juu ya zege bila kitu laini katikati zinazidisha.

Jipsam ya kuning'inia chini itakusaidia kiasi, hasa ikining'inizwa kwenye vishikio vyenye mpira na kuwekwa pamba ya kioo juu yake. Lakini utapoteza urefu wa chumba, na sauti inayoshuka kwenye kuta itaendelea kufika. Sehemu ya kutibu ni kule inakopigwa. Mpira chini ya miguu ya viti, zulia zito sebuleni, na kinu kikae juu ya kitu kinene kinachobonyea, kipande cha mpira wa gari au godoro lililokunjwa, kisigusane na tailizi. Hivyo vyote havigharimu hata robo ya dari.

Tatizo ni kwamba anayetakiwa kununua ni yeye na anayeumia ni wewe.

---

Keja Umoja

Exactly hapo sasa. Nilimpelekea zile raba za viti nikiwa nimezinunua mwenyewe. Alishukuru, akaweka kwa viti viwili, vingine akasema vitamharibia mwonekano.

---

Binti Leicester

Habari za huko nyumbani. Niko Uingereza, nimeona nichangie. Huku Uingereza nyumba nyingi mpya zinazopakana zinapimwa sauti kabla watu hawajaingia, sheria ilianza 2003. Ukuta na sakafu kati ya nyumba na nyumba lazima vikate angalau desibeli 45 kwa sauti za hewani, na kwa zile za kugonga sakafu kipimo chumbani kwa wa chini kisizidi 62. Anakuja mtu na spika kubwa na mashine ya kugonga sakafu, inapiga kama cherehani.

Sasa mjue mimi sifaidiki nayo. Naishi kwenye nyumba ya zamani iliyokatwa vyumba, sakafu ni mbao, na mama wa juu akiamka kwenda chooni najua, zulia lipo na kila kitu. Mbao ni nyepesi, zinadunda. Nadhani ningebadilishana na Keja, mazungumzo ninasikia na hatua ninasikia.

---

Mpangaji_Sinza

Wakuu nimerudi. Nimepanda darini.

Mzee wa Timazi, kama ulikuwepo. Jirani aliwasha taa zake, mimi nikazima. Nimetoa kichwa kule juu, naona miale sita ya mwanga inatoka chumbani kwake kama tochi zimesimamishwa, kila taa imezungukwa na mwanya. Ukuta wetu unaishia kwenye lenta, juu yake tofali zimelazwa mstari mmoja, haukumaliziwa hata plasta, kisha ni kenchi na giza mpaka nyumba ya tatu. Jirani akaniuliza kutoka chini "umeona nini?" nikamjibu kwa sauti ya kawaida tukaongea kama tumekaa meza moja.

Soketi pia nimeangalia. Nilizima meni swichi nikafungua moja ya upande wa kitanda. Ya kwake iko nyuma yake hasa, mgongo kwa mgongo, paipu ya waya imepita moja kwa moja. Jirani akipuliza kule naona vumbi linatikisika huku.

Nianze na ipi? Na je, dari yenyewe haizuii? Sauti si lazima ipite jipsam yake kisha jipsam yangu?

---

Mzee wa Timazi

Anza na darini.

Dari inazuia kidogo. Jipsam ya milimita 9 ina uzito wa kama kilo 7 kwa mita ya mraba. Ukuta wako wa tofali na plasta unapita kilo 300. Kwa hiyo sauti haihangaiki na ukuta, inapanda pale penye kilo 7, inatembea darini, inashuka tena penye kilo 7. Na hizo dari mbili zingekuwa zimefungwa vizuri zingejitahidi, lakini umesema mwenyewe zina matundu sita sita ya taa. Hesabu ile ya tundu niliyokupa inafanya kazi na hapo.

Dawa ni kupandisha ukuta mpaka kwenye bati. Lenta inabeba, ukuta upo chini yake, lakini mwenye nyumba alete fundi anayeaminika aangalie kwanza. Tofali zipite kati ya kenchi, kila mwanya ujazwe udongo wa saruji, na upigwe plasta angalau upande mmoja, maana tofali za mtaani zina vitundu vingi na plasta ndiyo inayoviziba. Watu wanaruka hatua hii kwa kuwa "nani ataona darini". Ukiiruka, umejenga chujio.

Sehemu ngumu ni mwisho wa juu, ukuta unapokutana na bati. Bati lina migongo, na mchana linapanuka kwa joto. Ukijaza saruji tu itapasuka baada ya jua kulipiga kwa muda. Sindilia pamba ya kioo ndani ya kila mgongo kwa nguvu mpaka isiingie tena, vaa glavu maana inawasha, kisha ndipo umalizie kwa kitu kinachovutika, silikoni au lami. Papi zinazopita juu ya ukuta nazo zizungushiwe. Waya zinazovuka zipite kwenye paipu, na mdomo wa paipu uzibwe.

Fundi akisema hawezi kubeba tofali kule kwenye joto, njia ya pili ni fremu ya mbao, jipsam tabaka mbili kila upande, viungo visikutane, pamba katikati. Ni nyepesi kwa mgongo wa fundi, na kwa mazungumzo inafanya kazi nzuri.

Mweleze mwenye nyumba jambo lingine ambalo litamgusa zaidi kuliko usingizi wako: dari iliyo wazi namna hiyo, moto ukianza nyumba moja unatembea juu ya nyumba zote nne kabla mtu hajaamka. Ukuta huo unachelewesha na moto.

Soketi: moja kati ya mbili ihamishwe futi moja au zaidi pembeni, na boksi la zamani lijazwe saruji. Fundi umeme afanye, si wewe.

---

Mama Mapazia

Mdogo wangu Mpangaji, na pazia zito pia weka. Mimi nauza, sikudanganyi, wateja wanarudi kushukuru.

---

Mzee wa Timazi

Mama, pazia zito litasaidia chumba kisiwe na mwangwi, na wakati mwingine hilo peke yake linampa mtu raha. Kwa sauti ya darini halitafanya kitu. Ila naona biashara ni biashara.

---

Mama Mapazia

Hahaha haya baba, nimekusikia.

---

Mpangaji_Sinza

Mrejesho kwa waliouliza inboksi.

Mwenye nyumba alikataa mwanzoni, akasema nyumba zote za mtaa ziko hivyo na hakuna aliyelalamika. Neno "moto" ndilo lililomleta na ngazi. Alipoona mwenyewe, alikubali kutoa tofali na saruji, mimi na jirani tukachangia ufundi na pamba. Fundi alipanda alfajiri na kushuka kabla ya saa nne, maana baada ya hapo kule juu hapakaliki. Upande wangu umepigwa plasta. Upande wa jirani hapana, saruji iliisha na mwenye nyumba akawa hapatikani kwenye simu. Soketi yangu imehamishwa.

Matokeo: maneno yamekwisha. Nasikia kama mtu yupo, mvumo kwa mbali, ila hata nikitega sikio siokoti neno. Jirani anasema hivyo hivyo.

Sasa kwa sababu kumetulia, nimeanza kusikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Jirani akivuta maji chooni, nasikia kwenye ukuta wa bafu langu kama mvua ya mawe, na halafu mlio wa "ngo ngo" mbili au tatu. Hilo nalo ni tundu?

---

Fundi Aluminiamu

Ni tundu tu hilo, bomba linapotoboa ukuta hawakuziba. Hapo sasa foam inafaa, mzee asinikatalie.

---

Mzee wa Timazi

Sikatai moja kwa moja. Ule mlio wa mvua ya mawe ni maji yanayoanguka ndani ya paipu nyembamba ya plastiki. Kama paipu inapita kwenye shimo la pamoja kati ya bafu zenu, na bafu zote mbili zina vitobo vya hewa vinavyofungukia humo, basi sauti ya choo na hata mazungumzo ya bafuni yatapita humo. Fungua kifuniko cha kitobo chako, weka sikio jirani akiwa anaongea bafuni kwake. Ukimsikia wazi, Fundi yuko karibu na ukweli, ila kitobo chenyewe usikizibe, bafu litaota ukungu.

Ile "ngo ngo" ni kitu kingine. Hiyo ni paipu ya maji inayopiga ukuta maji yakikatwa ghafla, au paipu iliyofukiwa ndani ya plasta bila kulegezwa, inaugonga ukuta moja kwa moja. Shika paipu inayoonekana, mwambie avute maji. Ikitikisika mkononi, inahitaji vishikio vyenye mpira. Kama haionekani popote kwa kuwa imefukiwa ukutani, hapo sina jibu la bei rahisi.

---

Mpangaji_Sinza

Imefukiwa, Mzee. Na ni upande wake.

---

Keja Umoja

Boss karibu kwa klabu yetu.